Kutoa watu wote kwenye picha ya KICC kwa mediani: uzoefu wangu na align_image_stack na ImageMagick

Hizi ni programu mbili za bure, align_image_stack ambayo inakuja ndani ya Hugin, programu ya kuunganisha picha, na ImageMagick, na kazi niliyozipa ni moja tu, kuondoa watu kwenye picha bila kukaa usiku mzima nikifuta kichwa kimoja kimoja kwa brashi. Mteja alitaka picha ya kalenda, mnara wa KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, ghorofa zote 28 na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta akiwa ameketi pale mbele, na sharti lake ni kusionekane mtu hata mmoja. Sasa wewe unayepita pale niambie ni saa ngapi hakuna watu. Kuna watalii, kuna wanafunzi wa ziara, kuna wanaopiga selfi, kuna wafanyakazi wanaokatiza kwenda Harambee Avenue, halafu kuna wale wapiga picha wanaokutolea picha hapo hapo na hao hawaondoki kabisa.

Jinsi inavyofanya kazi. Unaweka kamera kwenye stendi, unapiga picha nyingi za kitu kile kile bila kusogea, kisha kompyuta inachukua pikseli moja, inaiangalia kwa kila picha, inapanga mwangaza wake kutoka mdogo hadi mkubwa na kuchagua wa katikati. Chukua tofali moja la sakafu mbele ya sanamu kwenye picha 9, tuseme linasoma 168, 171, 169, 42, 170, 167, 210, 169, 55. Hizo 42 na 55 ni watu wawili wenye nguo nyeusi waliokanyaga pale, 210 ni mtu wa shati jeupe. Panga sasa: 42, 55, 167, 168, 169, 169, 170, 171, 210. Ya katikati, yaani ya tano, ni 169, ambayo ni tofali lenyewe, safi, hao watatu wamepotea kama hawakuwahi kuwepo. Ukitumia wastani badala ya mediani unapata karibu 147, na hapo ndio unaona zile picha zenye vivuli kama mizimu, kwa sababu wastani unamsikiliza kila mtu aliyepita hata kidogo na mediani haimjali aliye pembeni.

Sasa sikiza hapa maana ndipo wengi wanachanganyikiwa. Mtu akiona bado kuna madoa anasema ah, niongeze picha. Inategemea. Mediani inataka tofali lionekane wazi kwenye zaidi ya nusu ya picha, basi, hiyo ndiyo sheria yote. Kama sehemu fulani inafunikwa na watu asilimia 30 ya muda, ukipiga picha 5 una nafasi ya karibu 16 katika 100 ya hiyo sehemu kuchafuka, ukipiga 15 inashuka hadi kama 5, ukipiga 25 iko chini ya 2, kwa hivyo hapo kuongeza kunasaidia kweli. Lakini mahali panapofunikwa asilimia 60 ya muda mambo yanageuka, picha 5 zinaharibika mara 68 katika 100 na picha 15 zinaharibika karibu mara 79, yaani kadiri unavyoongeza ndivyo kompyuta inavyozidi kuwa na uhakika kwamba umati ndio sakafu. Ndio maana KICC ilikubali na mbele ya sanamu ya Kimathi saa ya watu kutoka kazini haikubali, pale njia ya miguu haiachi wazi hata ukipiga mpaka betri iishe, ingawa kila mtu anatembea na hakuna aliyesimama.

Hesabu hiyo pia inadhani kila picha imepata watu wapya, kwa hivyo usipige mfululizo kama bunduki. Mtu anayetembea polepole mbele ya sanamu akiangalia juu atakuwa kwenye picha nne zinazofuatana na umejidanganya kwamba una picha nyingi. Mimi naacha kama sekunde 15 kati ya picha na picha, na kabla sijaanza nasimama tu natazama ile sehemu yenye shughuli zaidi, najiuliza muda mwingi naona sakafu ama naona miguu. Jibu likiwa miguu nahamisha stendi ama naenda kunywa chai kwanza.

Kitu kingine ambacho sikukiona kimeandikwa mahali: nguo za watu zina maana. Tuseme kwenye picha 15 tofali limefunikwa mara 8, kwa sheria hapo umepoteza. Lakini kama wanne walivaa vitu vyeusi kuliko sakafu na wanne vyeupe kuliko sakafu, wanajipanga huku na huku na ya nane bado ni sakafu, umepona. Basi la shule likiteremsha watoto wote na sweta za rangi moja ya giza wanajipanga upande mmoja na ya nane inakuwa sweta. Nikiona sare naacha kupiga mpaka waingie ndani.

Upande wa kamera: kila kitu kifungwe. Mwangaza uwe wa mkono, fokasi ya mkono, rangi ya mwanga isiwe ya kujipangia yenyewe. Kwa simu bonyeza skrini na ushikilie mpaka ifunge fokasi na mwanga, zima HDR, na tumia taimu ili kidole kisitikise. Ukiiacha simu ijiamulie, kila mtu wa shati jeupe akipita mbele inapunguza mwanga wa picha nzima, na mediani sasa inachagua kati ya sakafu za mwanga tofauti, ukuta unatokea na mabaka.

Ukirudi nyumbani kazi yenyewe ni mistari miwili:

```
align_image_stack -a sawa_ -C *.jpg
magick sawa_*.tif -evaluate-sequence median kicc.tif
```

Wa kwanza unatafuta alama zinazofanana kati ya picha na kuzilaza moja juu ya nyingine, na hiyo `-C` inakata kingo ambazo hazipo kwenye picha zote. Usiuruke hata kama ulitumia stendi, maana pikseli mbili tatu za mtikisiko zinatosha kulainisha mistari ya madirisha ya ule mnara. Wa pili ndio mediani. Kama ImageMagick yako ni ya zamani andika `convert` pale kwenye `magick`. Bila stendi inawezekana pia lakini miguu yako isihame hata hatua, kwa sababu programu inaweza kurekebisha kamera iliyogeuka kidogo ila haiwezi kurekebisha sanamu ya karibu iliyosogea mbele ya jengo la mbali.

Matokeo nilipofungua mara ya kwanza kwa kweli nilicheka. Uwanja mtupu mchana kweupe katikati ya Nairobi, na hata zile chembechembe za kamera zinazoonekana kwenye anga zimepungua maana mediani inasafisha na hizo.

Ila kuza hadi asilimia 100 kabla hujamtumia mteja. Mimi naanzia chini, kwenye sakafu, kwa sababu mtu anaweza kupotea na kivuli chake kikabaki, hasa asubuhi vivuli vikiwa virefu na vya watu wengi vinalala mahali pamoja. Halafu naangalia waliokaa. Hapo KICC kulikuwa na mpiga picha mmoja amesimama kando ya sanamu akingoja wateja, karibu muda wote yuko pale pale, na kwa mediani huyo si mpita njia, huyo ni sehemu ya jengo. Nilimwendea nikamwambia, "Kaka, nisaidie, sogea upande ule kidogo tu nimalize." Akaniuliza, "Unanifukuza ofisini kwangu?" tukacheka, akasogea, nikapata picha mbili tatu bila yeye. Mbili tatu hazitoshi kubadilisha mediani lakini zinatosha kwa kiraka: unafungua matokeo kwenye GIMP, unaweka juu yake picha moja isiyo na yeye kutoka zile zilizokwisha linganishwa za `sawa_`, unaiwekea maski nyeusi, unapaka nyeupe pale alipokuwa amesimama peke yake. Dakika chache.

Bendera nayo inaliwa. Inapepea, kila picha iko mahali tofauti, hakuna mahali inapokaa zaidi ya nusu ya muda, kwa hivyo unabaki na mlingoti na kitambaa kama moshi. Dawa ni ile ile, chagua picha moja ambayo bendera imekunjuka vizuri na uipake. Majani ya miti yanakuwa laini kama yamepakwa sabuni, hilo naliacha, watu hawaoni kwenye kalenda. Mawingu ndio kero kubwa zaidi, jua likijificha katikati ya kazi nusu ya picha zako zina vivuli vikali na nusu hazina, na mediani inachagua tu upande wenye wengi na kwenye kingo inachanganya. Heri ungoje jua litulie upige zote ndani ya dakika chache, maana jua linasogea nyuzi 15 kwa saa na kivuli cha mnara mrefu vile kinatembea hata ukiwa unapiga.

Sasa malalamiko yangu kwa programu yenyewe. Memori. ImageMagick inapakia picha zote kwa pamoja, na picha 15 za megapikseli 24 zinaweza kumeza gigabaiti 4 na zaidi, laptopu ya gigabaiti 4 inaanza kuandika kwenye diski na unaweza kwenda kupika ugali ukarudi bado haijamaliza. Punguza ukubwa kwa nusu kila upande kama picha ni ya mtandaoni tu, mzigo unabaki robo. Pia hakuna kitufe cha kubonyeza wala picha ya kukuonyesha inavyoendelea, ni maandishi tu, kama unaogopa terminali hii haitakufurahisha. Mwenye Photoshop anapata kitu kile kile kwenye File > Scripts > Statistics, anachagua Median na kuweka tiki kwenye Attempt to Automatically Align Source Images, basi, lakini hiyo unalipia kila mwezi na mimi kazi ya aina hii naipata mara moja moja.

Nazipa nyota 4 kwa 5. Nyota moja imebaki kwa sababu ya memori. Kama unataka kwenda pale na stendi muulize askari wa getini kwanza kabla hujaifungua, na ubebe kofia maana utasimama juani.