Mchoro wa waya wa pikipiki: uzoefu wangu na ukurasa niliokuwa nauruka

Kitabu cha matengenezo cha pikipiki yangu ninacho siku nyingi, lakini ukurasa wa mwisho, wenye mchoro wa waya, nilikuwa nauruka. Ule utitiri wa mistari ulinitisha. Nimeufungua baada ya kupata shida.

Shida yenyewe: usiku nikikanyaga breki, taa ya nyuma inafifia badala ya kung'aa, na indiketa zinawaka kwa mbali bila kuguswa. Nilibadilisha balbu mara mbili. Fyuzi ilikuwa nzima.

Kwenye mchoro kila waya una herufi. G/Y ni waya wa kijani wenye mstari wa njano: rangi ya kwanza ndiyo ya waya mzima, ya pili ni ule mstari mwembamba. Huo unaleta moto wa breki. Br, wa kahawia, ni wa taa ndogo; Lb, wa bluu hafifu, na O, wa chungwa, ni indiketa za kulia na kushoto. Taa zote hizo zinakutana kwenye G, kijani kitupu, inayoishia kwenye alama ya vistari vitatu vinavyopungua urefu, yaani arthi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Mistari ikipishana bila nukta, waya hazijaunganishwa. Penye nukta zimeunganishwa. Nukta ya zile G ndiyo iliyonifungua macho: kitu pekee ambacho taa zote za nyuma zinashiriki ni kijani. Moto wa breki ukikosa njia ya kurudi, unapitia kwenye balbu za wenzake.

Nikaweka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye kijani pale kwenye taa, breki ikiwa imekanyagwa. Arthi nzima inatakiwa kusoma karibu na sifuri. Nilipata 4.8. Nikarudi nyuma hadi soketi iliyo chini ya siti: upande wa taa 4.8, upande wa pili 0.1. Basi ubovu uko ndani ya soketi. Kuichomoa, pini ya kijani imeota kutu ya kibluu. Nikaisugua, nikaikaza, taa ikarudi.

Malalamiko ninayo. Mchoro umechapwa bila rangi, kwa hiyo unategemea herufi tu, na Bl (nyeusi) na Bu (bluu) zinachanganya macho kwenye maandishi madogo vile. Mimi nimezipaka kwa kalamu. Pia hauonyeshi soketi ilipo kwenye pikipiki. Hiyo utaitafuta kwa kufuata waya kwa mkono.

Na usiamini mazoea. Kwenye mchoro huu, kama ilivyo kwa Honda nyingi, nyeusi ni moto unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Kwenye Yamaha nyingi nyeusi ndiyo arthi. Fundi aliyenisaidia mwanzo alifunga nyeusi kwenye fremu, na fyuzi ikaungua papo hapo.