Uzoefu wangu: Kutenganisha Apple Watch na iPhone kabla ya kuiuza

Kuna njia mbili za kusafisha Apple Watch kabla ya kumpa mtu mwingine, na nimezitumia zote. Kwa kuitazama saa tu huwezi kujua ni ipi iliyotumika, maana zote mbili zinaishia kwenye skrini ileile ya kuanzia, kama saa iliyotoka kwenye boksi. Lakini moja inamwachia mnunuzi saa inayofanya kazi, na nyingine inaweza kumwachia saa asiyoweza kuiwasha kwa jina lake.

Sababu ni Activation Lock. Tangu watchOS 2 ya mwaka 2015, saa ikiunganishwa na simu ambayo Find My, huduma ya Apple ya kutafuta kifaa kilichopotea, imewashwa, inafungwa kwenye akaunti ya Apple ya mwenyewe. Kufuli hilo limesajiliwa kwenye seva za Apple, halimo kwenye kumbukumbu ya saa. Ndiyo maana ukiingia Settings kwenye saa yenyewe, ukagusa General, Reset, kisha Erase All Content and Settings, picha, ujumbe na kadi za benki vinafutika kweli, lakini kufuli linabaki palepale.

Njia ninayoipendekeza ni ya kupitia simu. Weka saa kwenye chaji, iwe karibu na simu, na simu iwe na intaneti. Fungua programu ya Watch, nenda My Watch, gusa All Watches juu, kisha alama ya i pembeni ya jina la saa. Ukiona Find My Apple Watch hapo, ujue kufuli limewashwa. Gusa Unpair Apple Watch na uthibitishe. Kama saa ina laini yake ya mtandao, utaulizwa ubakize kifurushi au ukiondoe. Anayeuza aondoe, halafu awasiliane pia na kampuni ya simu, kwa kuwa malipo ya kila mwezi huenda yasisimame yenyewe.

Baada ya hapo simu inaomba nenosiri la akaunti ya Apple. Hiyo ndiyo hatua inayofungua kufuli, kwa hiyo kama hulikumbuki, litafute kwanza kabla ya kuanza. Simu inahifadhi nakala ya saa, kisha inafuta saa yenyewe. Usiisogeze saa mbali katikati ya kazi, kwani nakala inaweza kukosa mambo ya karibuni. Jambo ninalolipenda sana hapa ni kwamba kumbukumbu za mazoezi na mapigo ya moyo zinabaki kwenye programu ya Health ya simu yako, na nakala hiyo unaweza kuirudisha kwenye saa mpya. Kadi za malipo na namba ya siri ya saa hazimo kwenye nakala. Kazi ikiisha, simu inaonyesha Start Pairing.

Utata unakuja pale simu ilipotangulia kuuzwa au kuibiwa. Hapo futa saa kwa Settings zake. Kama umesahau namba ya siri, iweke kwenye chaji, bonyeza kitufe cha pembeni bila kuachia mpaka skrini ya kuzima itokee, kisha kandamiza Digital Crown mpaka uone chaguo la kufuta, na uguse Reset mara mbili. Bado hujamaliza. Fungua iCloud.com/find kwenye kivinjari chochote, ingia kwa akaunti yako, chagua saa kwenye orodha ya vifaa, na uiondoe kwenye akaunti. Fuata mpangilio huo, futa kwanza ndipo uondoe: saa ambayo haijafutwa ikipata mtandao inaweza kurudi kwenye orodha yako. Kwa hiyo anayeuza simu na saa pamoja aanze na saa, angali ana simu mkononi.

Mnunuzi naye asiridhike na skrini ya kuanzia. Aanze kuiunganisha na iPhone yake papo hapo, kabla ya kutoa hela. Simu ikimwomba barua pepe na nenosiri la mtu mwingine, kufuli bado lipo. Muuzaji asitaje nenosiri lake hata kidogo. Afungue iCloud.com/find kwenye simu yoyote, aiondoe saa, kisha mnunuzi aanze upya. Muuzaji akiwa ameshaondoka na hapatikani, fundi wa mtaani hana dawa ya kufuli hilo. Apple huweza kulifungua kwa anayeleta risiti halisi ya ununuzi, na saa za mtumba mara nyingi huja bila risiti.