Oveni ndogo ya mezani, lita 30, kwa kuki za kijiko: uzoefu wangu

Watu wameniuliza sana kuhusu hii oveni so naandika hapa mara moja. Ni ile ndogo ya umeme ya kukaa mezani, lita 30, wati 1500, koili mbili juu mbili chini, haina feni. Jina la kampuni siliweki maana hizi oveni nyingi ukifungua ndani ni zilezile tu, wanabadilisha stika. Mimi naoka nayo kuki za kijiko, zile unachota mchanganyiko unadondosha kwenye trei, husukumi wala hukati na kikata maumbo. Keki na mikate watasema wengine.

Kwa kifupi inaoka vizuri lakini kitufe chake cha moto ni muongo. Kimeandikwa 100, 150, 200, 250, katikati hapo unajikisia mwenyewe 180 iko wapi. Nikanunua kipimajoto cha oveni, kile cha mshale cha kuning'iniza, nikakitundika kwenye wavu wa katikati. Nikiweka kitufe pale ambapo 180 inatakiwa iwepo, mshale unapanda hadi karibu 210, koili zinazima, unashuka taratibu mpaka 180 hivi ndo koili zinawaka tena. Yaani wewe unajua unaoka kwa 180 kumbe wastani wako uko 195. Sasa hivi naweka kitufe juu kidogo tu ya 150 na ndani napata 175 mpaka 180 ninazozitaka. Yako inaweza ikawa kinyume, ikawa ya baridi, so usinakili namba zangu, kitundike chako uone. Na ile taa ya nje ikizima isikudanganye, inazima hewa ikishapata moto ila kuta na wavu bado, mimi naongeza dakika 10 au 15 ndo naingiza trei.

Kwa nini nakomaa na digrii, ni kwa sababu kwenye kuki kuna mashindano mawili yanaenda pamoja. Siagi inayeyuka mapema sana, ikifika 35 hivi imeshakuwa maji, na sukari nayo inalainika, kwa hiyo donge linaanza kutanuka. Huku yai na unga vinahitaji joto kubwa zaidi ndo vikaze na kulizuia lisiendelee kutanuka. Oveni ikiwa ya baridi, tuseme 150, siagi inakimbia muda mrefu kabla ya kitu chochote kukaza, unapata kuki bapa, pana, zimegusana, rangi hakuna ila zimekauka. Ikiwa 200 na kitu, pembeni kunakaza na kuungua haraka wakati katikati bado uji. Mapishi ya zamani ya kuki za chokoleti ya yule mama wa nyumba ya wageni ya Toll House kule Massachusetts, Marekani, Ruth Wakefield, miaka ya 1930, yanasema 375 za Farenhaiti, ambayo ni 190 zetu, lakini kwenye kioveni ambacho koili iko karibu na chakula mimi 190 siigusi.

Hapo kwenye koili ndo tunakuja mahali pa trei. Oveni ina ngazi tatu. Ngazi ya juu koili ikiwaka nyekundu inachoma mgongo wa kuki moja kwa moja, unaona zimeiva kumbe chini nyeupe. Ya chini tako linakuwa jeusi kabla juu hakujashika rangi. Ya katikati ndo yenyewe, na swichi iwe juu na chini zote, trei moja kwa wakati. Mkiweka trei mbili kwenye lita 30 isiyo na feni mnatafuta lawama, ya juu inaizibia ya chini na hakuna hata moja itakayotoka sawa.

Kero yangu kubwa ni trei waliyokuja nayo. Ni nyeusi, na inajaza oveni ukuta kwa ukuta. Nyeusi inavuta joto sana so chini ya kuki panaungua, na kwa kuwa imeziba kila upande joto la chini halipandi juu, linabaki hukohuko kuchoma tako. Nimeiweka kabatini. Nimenunua trei ya aluminiamu rangi ya fedha, ndogo, inaacha kama vidole viwili kila upande, naiweka juu ya wavu na karatasi ya kuokea juu yake, na hili limesaidia kuliko kitu kingine chochote. Kona ya nyuma kulia ni kali zaidi, kwa hiyo katikati ya kuoka naigeuza trei, ya nyuma ije mbele, ila haraka, mlango ukikaa wazi joto linaporomoka na koili zinawaka kwa hasira zikachoma juu. Kama juu bado panawahi kushika rangi, weka karatasi ya foili kwenye ngazi ya juu kabisa, iwe kivuli, isiguse koili.

Sasa ubaridi. Hapa Dar jikoni mwezi wa pili ni joto tupu, siagi ukiitoa friji ukajibu meseji mbili tu imeshalegea. Ukidondosha mchanganyiko wa hivyo kwenye trei umeshaanza kutanuka kabla hata ya oveni. Kwa hiyo mchanganyiko lazima ukae friji. Vipimo vyangu: siagi gramu 115, sukari gramu 150 (nusu ile laini ya brauni yenye unyevu, nusu nyeupe, na zile chembe kubwa za dukani nazisaga kwanza kwenye blenda maana haziyeyuki), yai 1, unga wa ngano gramu 150, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila, na chokoleti ya kukatakata gramu 150. Nachota madonge ya gramu 35 yakiwa bado laini, yanatoka 17 hivi, nayapanga kwenye sahani, nafunika, friji. Ukisubiri mchanganyiko ugande kwanza kwenye bakuli ndo uchote utavunja kijiko.

Saa moja ndo kima cha chini, ila ya kulala usiku mzima ni kitu kingine. Siagi imegand​a so inachelewa kuyeyuka, na unga umepata muda wa kunywa yale maji ya yai, mchanganyiko unakuwa mkavu kidogo, hautanuki ovyo, rangi inakolea vizuri na ladha inakuwa na kitu cha karameli hivi. Hilo la usiku mzima pia ndo linaisamehe hii oveni, ule mshale ukipandapanda na kushuka madonge ya baridi hayahangaiki sana. Wanaotumia majarini badala ya siagi mjue hailingani, nyingi ina maji zaidi na inabaki laini hata friji, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula na uache muda mrefu zaidi. Yaliyoganda kabisa friza yanaoka pia bila kuyeyusha, ila punguza digrii 10 na ongeza dakika mbili, la sivyo pembeni kunakauka huku kati bado barafu. Na trei iwe ya baridi kila safari, trei ya moto inaanza kuyeyusha siagi hapohapo.

Kuiva sasa, hapa ndo ninapobishana na watu. Saa ya oveni mimi naiweka dakika 9 si kwa ajili ya kutoa, ni kwa ajili ya kuanza kuangalia. Kuki inaiva kutoka pembeni kwenda ndani so pembeni ndo pa kusoma. Dakika ya 8 hivi zimetuna na juu kote kunang'aa majimaji. Halafu ule mng'ao unaanza kukauka kutokea ukingoni, unasogea ndani, vinatokea vinyufa. Naitoa pale ambapo ukingo umeshika rangi ya dhahabu upana wa nusu sentimeta hivi, na katikati bado pamebaki duara la mng'ao dogo kama sarafu ya mia mbili, limepauka, limevimba, ukiliangalia unasema hii bado. Nikiwa na wasiwasi nasukuma ukingo na ncha ya kisu taratibu. Ukibonyea na kujikunja, rudisha dakika moja. Ukishikilia umbo na kuki ikasogea nzima nzima, toa. Usibonyeze katikati, katikati itakuwa laini hata ikiwa imeiva, haikuambii kitu.

Zikitoka bado zinaendelea kuiva juu ya trei. Naziacha dakika 5, kati panashuka na kukaza, ndo nazihamishia kwenye wavu. Wifi yangu alikuja akachukua moja ya moto kabisa, ikakatika mkononi. "Wifi, hizi mbona mbichi?" Nikamwambia acha zipoe wifi, alipomaliza chai yake akazila nne na nyingine akafunga kwenye foili. Wanaotaka zile kavu za kukaa kwenye kopo, shusha hadi 165, subiri mpaka ile dhahabu itambae ifike katikati, ni dakika 3 au 4 zaidi.

Kuna mahali ukingo unadanganya. Mchanganyiko wa kakao hauonyeshi rangi, hapo tumia mng'ao na ncha ya kisu tu. Ukiweka asali pembeni kunakuwa kahawia mapema sana. Na kwenye ile trei nyeusi ukingo unashika rangi kwa ajili ya joto la chini wakati juu bado, inua moja uangalie tako.

Umeme si mbaya. Wati 1500 ikiwaka saa nzima bila kupumzika ni uniti moja na nusu ya LUKU, na kwa kuwa koili zinazima na kuwaka inakula chini ya hapo. Ichomeke ukutani moja kwa moja, hizi ekstensheni nyembamba zinapata moto hadi plagi inanuka.

Nyota tatu na nusu. Moja imekatwa na kitufe, nusu na trei. Ningekata nyingine kwa kukosa taa ya ndani, maana kazi yote ni kuangalia ukingo, ila tochi ya simu kwenye kioo inatosha, mradi kioo kisiwe na mafuta. Kifute kikiwa bado vuguvugu na kitambaa chenye siki, kikishapoa yale mafuta yanang'ang'ania.