Dhahabu kwa mtaji mdogo: njia nne na mpangilio wake

Kabla ya kununua dhahabu, jiulize: bei ipande kiasi gani ndipo hela yangu irudi? Hesabu zilizo hapa ni za mfano, kwa bei ya dola 3,000 kwa wakia. Wewe weka bei ya siku yako. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja safi ni kama dola 96.

Dhahabu haizai riba. Riba ya Marekani ikizidi mfumuko wa bei unaotarajiwa, wenye fedha huona heri wakae na hati fungani za dola, na mara nyingi bei ya dhahabu hushuka. Mwaka 2022 ilitoka juu ya dola 2,000 mwezi Machi hadi chini ya 1,650 mwishoni mwa Septemba, na vita vya Ukraine bado vikiendelea. Hata hofu yenyewe huweza kuanza kwa kuishusha: Machi 2020, korona ilipotikisa masoko, watu waliuza dhahabu ili wapate fedha taslimu, kisha Agosti ikavuka 2,000. Kinachoipa nguvu ya muda mrefu ni benki kuu za nchi, ambazo kwa pamoja zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024.

Kwetu kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau, nalo ni shilingi. Mwishoni mwa Januari 2024 wakia ilikuwa takriban dola 2,030 na dola moja ilikuwa kama shilingi 160 za Kenya. Mwisho wa Machi wakia ilifika karibu 2,230, lakini dola ilikuwa imeshuka hadi kama 131. Dhahabu ilipanda karibu asilimia 10, na bado Mkenya aliyehesabu kwa shilingi alipoteza karibu asilimia 10.

Chaguo letu la kwanza ni NewGold, mfuko unaouzwa kama hisa katika Soko la Hisa la Nairobi tangu 2017. Kila kipande chake kinawakilisha kidogo chini ya sehemu moja ya mia ya wakia, na dhahabu halisi ipo ghalani. Unafungua akaunti ya CDS, yaani ya kutunzia hisa, kupitia dalali wa hisa, basi. Tatizo lake ni kwamba siku nyingine wauzaji ni wachache, na bei inayoombwa huwa mbali na thamani ya dhahabu yenyewe. Piga hesabu kwanza, kisha agiza kwa bei uliyoitaja wewe. Usiagize kwa bei yoyote iliyopo sokoni.

La pili ni mche mdogo wa karati 24. Nunua wa gramu 10 kuliko kumi za gramu moja, kwa sababu gharama ya kutengeneza na kufunga hulemea vipande vidogo. Ukinunua mche wa gramu 10 kwa dola 1,010 na duka likawa linanunua tena kwa 945, bei inabidi ipande karibu asilimia 7. Uulize bei ya kuuza tena kabla hujalipa. Mizani peke yake haitoshi kukulinda: tangsteni ina uzito unaokaribia kabisa ule wa dhahabu kwa ujazo uleule, na mashine ya miale husoma zaidi tabaka la juu. Nunua ukiwa umefungwa, namba ya mche ilingane na ya cheti, na usiufungue.

Vito vinakuja nyuma sana. Bangili ya gramu 8 ya karati 22 ina dhahabu safi gramu 7.33, yaani kama dola 707. Ukiilipia 850, ziada ni ujira wa sonara. Siku ya kuuza atalipia dhahabu tu, na akikata asilimia 5 unaondoka na kama 672. Bei ipande zaidi ya asilimia 26 ndipo utoke sare. Nunua bangili kwa sababu unataka kuivaa.

XAUUSD, yaani kubashiri bei ya dhahabu kwa dola kupitia programu ya MetaTrader, ina pengo dogo kuliko zote kati ya bei ya kununua na ya kuuza, lakini tunaiweka mwisho kwa sababu ya mkopo wa dalali. Loti 1 ni wakia 100. Mwenye dola 500 akifungua loti 0.10 ameshika wakia 10, yaani dola 30,000, na bei ikirudi nyuma dola 50 tu, chini ya asilimia 2, akaunti imekwisha. Dalali atakuwa ameifunga hata kabla ya hapo. Kwa loti 0.01, mshuko uleule unamgharimu dola 50. Tena unakatwa ada kila usiku unaoacha biashara wazi, hivyo njia hii ni ya siku chache, si ya kuweka akiba. Anza na 0.01, weka kikomo cha hasara kabla ya kubonyeza kununua, na hakikisha jina la dalali lipo kwenye orodha ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yako.

Dhahabu ghafi ya mkononi hatuiweki kwenye orodha. Tanzania inahitaji leseni ya madini, na mauzo hupitia masoko ya madini yaliyoanza 2019. Anayekuletea mzigo hotelini kwa bei ya chini ya soko, akidai ada ya forodha kwanza, anaitaka hiyo ada.