Jibini ya kukaanga: soma mstari wa viambato kabla ya kulipa

Nilinunua kipande cha gramu 400, cheupe, kigumu kiasi, kimefungwa vizuri kwenye plastiki, na mbele kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kinafaa kukaangwa. Nikakikata vipande vya sentimita 2, nikavifuta maji kwa kitambaa, mafuta yakapata moto wa kutosha, nikatumbukiza vipande sita. Nusu dakika haikufika, pembe zikaanza kuviringika. Vipande viwili vilivyokuwa jirani vikashikana. Kisha mafuta yakafura povu jeupe na kuruka hadi ukutani, na nilipotia mwiko ukatoka na uzi mrefu wa jibini. Povu lilipotulia hapakuwa na kipande hata kimoja. Chini ya kikaango palibaki utando wa kahawia, na mafuta yote yaliharibika.

Nilipoeleza yaliyonikuta, wasomaji walianza kuniandikia. Mmoja aliandika: "Dada, hiyo si bahati mbaya yako, mimi imenitokea mara tatu kwa jibini tofauti." Wengi wamewahi kuambiwa na muuzaji kwamba kosa ni lao, moto ulikuwa mdogo au mafuta yalikuwa machache. Si kweli. Jibini ya kuyeyuka itayeyuka hata ukaange kwa ustadi wa namna gani.

Sitazungumzia ladha, chumvi wala kiasi cha mafuta kwenye maziwa, maana hayo kila mtu huyaangalia. Nataka tuangalie jambo moja ambalo karibu hakuna anayelitazama, nalo ni kitu kilichogandisha maziwa hayo.

Niliichukua ile plastiki kwenye pipa la taka nikasoma nyuma: maziwa ya ng'ombe, asidi ya sitriki, reneti, chumvi. Nilikuwa nimeiona asidi ya sitriki pale dukani, na ndiyo iliyonidanganya. Nilijua panir, ile jibini ya Kihindi, hugandishwa kwa asidi, na haiyeyuki, basi nikajiambia hii ni ndugu yake. Neno lililofuata, reneti, nililipita tu. Reneti ni kile kimeng'enya kinachogandisha maziwa bila kuyachachusha. Asidi na reneti zikikutana kwenye lebo moja, mara nyingi kilichomo ndani ni mozarela kwa utengenezaji wake, hata kama mbele wameipa jina jingine.

Tuanze na maziwa yenyewe. Protini yake kubwa ni kaseini, na kaseini hushikamana kwa msaada wa kalsiamu, ambayo ni kama gundi kati ya nyuzi. Mtengenezaji wa mozarela ya asidi huitia asidi kwenye maziwa yakiwa bado baridi. Asidi inaondoa sehemu ya ile kalsiamu, halafu reneti inagandisha maziwa. Mabonge yanayopatikana yana nyuzi zilizoshikana, ila gundi imepungua. Yakipata joto, nyuzi zinateleza moja juu ya nyingine, ndiyo maana jibini inavutika, inalegea, na mwisho inatawanyika. Kwa piza ni sifa nzuri sana. Ukiitia kwenye kikaango chenye mafuta, ni hasara.

Panir hupita njia nyingine, na tofauti yote iko kwenye mpangilio. Maziwa huchemshwa kwanza, hadi karibu nyuzi 90 za Selsiasi, na asidi hutiwa yakiwa bado moto. Joto hilo linazibadilisha protini nyingine za maziwa, zile ambazo kwa kawaida hutoka na maji ya jibini na kumwagwa. Zikishapikwa, zinajifunga kwenye kaseini, na asidi inapoingia zote huganda pamoja kwa mkupuo. Kalsiamu hupungua hapa pia, lakini sasa kuna wavu wa protini zilizopikwa unaoshikilia kila kitu, na wavu huo hauteleziki kwa joto. Kwa hiyo asidi peke yake haitoshi kukuhakikishia lolote. Uliza kama maziwa yalipata moto kabla ya asidi. Lebo haikwambii hilo, lakini reneti ikikosekana kwenye orodha, ni dalili nzuri kwamba moto ndio uliofanya kazi.

Halumi, jibini ya Kupro, nayo ni ya reneti na bado haiyeyuki. Maziwa yake hayachachushwi kabla ya kugandishwa, kwa hiyo kalsiamu inabaki karibu yote. Kisha mabonge yakishakandamizwa, hupikwa ndani ya maji yake yenyewe, kwenye joto linalokaribia la kuchemka, kwa muda mrefu. Jibini hiyo imeshapikwa kabla haijafika mikononi mwako. Ukiiweka kwenye kikaango kikavu inapata rangi ya dhahabu na kulainika kidogo ndani, na umbo lake linabaki.

Basi ukishika pakiti, igeuze. Ukiona maziwa na asidi tu, iwe ya sitriki, siki au limau, nunua bila wasiwasi. Kwenye baadhi ya pakiti asidi ya sitriki huandikwa E330, usiitafute kwa jina tu. Ukiona maziwa, reneti na chumvi, bila asidi na bila bakteria wa kuchachusha, nunua pia, hasa kama ni halumi. Ukiona asidi pamoja na reneti, irudishe rafuni. Ukiona bakteria wa kuchachusha pamoja na reneti, irudishe vilevile, maana bakteria hao hutengeneza asidi polepole na kuiondoa kalsiamu kama nilivyoeleza.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi upendeleo.

Ya kwanza ni panir, na kwenye panir nachagua Amul. Ni bidhaa ya ushirika wa wafugaji ulioanzia Gujarat, India, mwaka 1946, nami nimeinunua mara nyingi kiasi kwamba naijua kwa kuishika. Kwenye pakiti zote nilizofungua, viambato vimekuwa maziwa na asidi ya sitriki, basi. Vipande vyake vinakatika vikiwa na kingo kali, havimeguki, na kwenye mafuta vinapata ganda jembamba la kahawia wakati ndani kumebaki laini. Kasoro yake ni kwamba ikikaangwa sana inakuwa kama mpira. Dakika mbili hadi tatu zinatosha, kisha iweke kwenye maji ya moto yenye chumvi kidogo kwa dakika kumi, italainika tena. Ikiwa imegandishwa kwenye friza, iache iyeyuke barafu yote ndani ya friji usiku kucha. Barafu iliyobaki katikati ndiyo inayorusha mafuta, na hapo watu huilaumu jibini bure.

Ya pili ni halumi. Jina hili lililindwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2021 kama jina la asili ya Kupro, kwa hiyo yenye alama hiyo ina masharti ya kutimiza, na hilo linanipa imani. Ningeiweka ya kwanza kama si mambo mawili. Kwanza ni chumvi yake, inayokulazimu kuiloweka kwenye maji kwa saa moja kama unapika chakula ambacho tayari kina chumvi. La pili ni bei, na hapa naomba niseme wazi. Kuna wauzaji wanaopima kipande pamoja na maji yake ya chumvi na kukutoza kwa uzito wote. Uliza uzito wa jibini bila maji. Kwenye pakiti za viwandani huandikwa pembeni kwa herufi ndogo, na tofauti yake inaumiza.

Ya tatu ni zile jibini mbichi za Amerika ya Kusini, kama koalyo ya Brazili, inayochomwa juu ya makaa ikiwa kwenye kijiti. Inavumilia moto vizuri. Tatizo ni kwamba jina moja hubandikwa kwenye jibini za namna tofauti, kwa hiyo hapa lebo ndiyo mwamuzi.

Feta siiweki kwenye orodha. Haiyeyuki kama mozarela, lakini imechachuka sana kiasi kwamba inavunjika vipande ndani ya mafuta. Rikota nayo haiyeyuki, kwa sababu imetokana na zile protini za maji ya jibini zilizopikwa, ila haina mwili wa kushikika. Kutokuyeyuka na kushika umbo ni mambo mawili tofauti, na unahitaji yote mawili.

Za bei rahisi zisizo na lebo, zinazokatwa kutoka kwenye bonge mbele yako, nina neno moja tu: omba kipande kidogo ukapime nyumbani kabla ya kununua kilo.

Kipimo chenyewe ni hiki, na ningekifanya siku ile ningeokoa mafuta yangu. Kata kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Chemsha maji, yaepue, subiri dakika moja, kisha kitumbukize kipande na ukiache dakika tatu. Kitoe kwa uma ukivute. Nilijaribu vipande viwili kwenye kikombe kimoja, kile kilichoniharibia mafuta na kimoja cha panir. Cha kwanza kilikuwa kimeng'aa juu, kimelegea, na nilipokivuta kilifika urefu wa kidole kabla ya kukatika. Cha panir kilitoka na kingo zake zote nne, na nilipokibonyeza kilirudi kama sponji. Kipande kinachovutika kwenye maji usikitie kwenye mafuta.

Kinachonikera zaidi ni yale maneno ya mbele ya pakiti. Muuzaji anajua alichogandishia maziwa yake. Anaweza kuandika kwa neno moja tu kama inayeyuka au haiyeyuki, kama wanavyoandika tarehe ya mwisho. Badala yake anaandika "inafaa kukaangwa" juu ya mozarela kwa sababu mtu fulani huifunika na makombo ya mkate na kuikaanga. Kufunikwa na makombo ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ganda la nje ndilo linaloshika umbo na jibini ndani yake imeshayeyuka. Niliporudi dukani na ile plastiki mkononi, jibu nililopewa ni kwamba ningetumia unga. Nilimwonyesha picha iliyo mbele ya pakiti, ya vipande vitupu vya dhahabu juu ya sahani, bila chembe ya unga. Akasema picha ni mfano tu, akamgeukia mteja aliyefuata.

Pesa sikurudishiwa. Plastiki ile nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, upande wa viambato ukiwa nje, na kila ninayemtuma dukani anaisoma kwanza.