Bleza ipi uichukue? Anza na mshono wa bega, mikono iwe ya mwisho

Ni nadra kukuta dukani bleza inayokukaa sawasawa kila mahali. Kwa kawaida unabaki na mbili tatu mkononi, kila moja na kasoro yake, na swali ni kasoro gani uikubali. Wengi huangalia mikono kwanza kwa sababu ndiyo wanayoiona wakiinamisha kichwa. Mimi naipanga kinyume: kasoro ambayo fundi cherehani hawezi kuigusa ndiyo inayoangaliwa kwanza, na ile anayoimaliza kwa siku moja ndiyo ya mwisho. Ukizipanga hivyo, bega linatangulia, kisha urefu wa koti pamoja na mahali pa kifungo, halafu mikono.

Kabla ya yote, vaa shati la mikono mirefu la aina utakayovaa na bleza, funga kifungo, simama wima na uiachie mikono ining'inie. Koti lililojaribiwa juu ya fulana hudanganya, na lililojaribiwa bila kufungwa hudanganya zaidi.

Sasa tazama bega. Mshono unaounganisha mkono na kiwiliwili unatakiwa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia na mkono wako unapoanza kushuka. Usitegemee macho peke yake, maana pedi ya ndani huficha mengi. Shika ukingo wa bega kwa vidole viwili ubonyeze: ukikuta mfupa chini ya mshono, ni sawa, ukikuta pedi tupu, koti limekupita. Njia nyingine ni kusimama ubavu kwa ukuta na kuusogelea taratibu. Pedi ikigusa ukuta huku sehemu ya juu ya mkono wako bado iko mbali, bega ni pana.

Bega pana lina alama yake: kibonyeo kidogo sehemu ya juu ya mkono, chini tu ya mshono, kitambaa kinapokosa mwili wa kukishikilia. Bega jembamba huonekana kinyume chake. Mkono wako wenyewe hutuna nje ya mshono, na mikunjo ya kuvutwa hupita mgongoni kutoka bega hadi bega. Vyote viwili ni vya kuliacha koti, kwa sababu kurekebisha bega maana yake ni kung'oa mkono mzima, kupunguza kitambaa na pedi, kisha kuurudisha mkono kwenye tundu lililobadilika ukubwa. Fundi hodari anaweza kupunguza bega kidogo kwa gharama kubwa, ila kulipanua haiwezekani, kwa kuwa kitambaa cha kuongeza hakipo.

Ukiwa bado hapo, geuka uangalie shingo kwa nyuma. Ukosi wa bleza ulale juu ya ukosi wa shati bila kuacha mwanya.

Urefu na kifungo viangaliwe pamoja, kwa sababu vilikatwa pamoja. Kwa bleza ya wastani, pindo la chini lifunike makalio na kuishia yanapoishia. Kipimo kizuri ni kupima kutoka chini ya ukosi, kwenye shina la shingo, hadi sakafuni ukiwa na viatu, kisha kugawa kwa mbili. Kuna wanaopima kwa kuangalia kama pindo linafika kwenye fundo la kidole gumba. Kipimo hicho mimi sikiamini sana, kwa sababu mwenye mikono mirefu atauziwa koti refu na mwenye mifupi atauziwa fupi. Zipo bleza zilizokusudiwa kuwa fupi, na zile za kike hutofautiana sana, lakini hata hizo zikague kwa kifungo.

Kwenye bleza ya vifungo viwili, kinachofungwa ni cha juu. Cha chini huachwa wazi. Hicho cha juu kikae kwenye kiuno, usawa wa kitovu au juu yake kidogo. Kikishuka chini ya kitovu, kiwiliwili huonekana kirefu na miguu mifupi. Kikipanda mno, sehemu ya chini hutanuka na tumbo la shati au tai huchungulia chini ya kifungo. Kifungo hakihamishiki, kwa kuwa tundu lake limeshakatwa na kola ya kifuani imekunjwa kuishia hapo.

Usichanganye mahali pa kifungo na mkazo wake. Ukifunga ukaona mikunjo yenye umbo la herufi X ikitoka kwenye kifungo, kiuno kinabana. Kiganja kilicholala kipite kwa urahisi kati ya kifungo na tumbo. Kubana kidogo au kupwaya kiunoni ni kazi ya kawaida ya fundi, mradi mshono wa mgongoni una kitambaa cha akiba ndani, kwa hiyo usiiache bleza nzuri kwa ajili ya hilo tu. Kwa mwanamke, angalia kwanza kifua: kola zikitanuka au kupinda nje ukifunga, chukua saizi inayotosha kifua, kiuno kipunguzwe baadaye.

Mikono iishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, ili shati lichungulie kama sentimita 1 hadi 1.5. Mkono mrefu hupunguzwa kirahisi kama vifungo vyake ni vya urembo tu. Vikiwa na matundu halisi, fundi atalazimika kupunguzia juu begani, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Tuchukue mnunuzi ambaye kipimo chake cha shingo hadi sakafu ni sentimita 148, kwa hiyo bleza yake inatakiwa kukaribia 74. Amebakiza nne. Ya kijivu ina bega sawa, urefu 74, kifungo juu kidogo ya kitovu, na mikono imezidi sentimita 2, vifungo vyake vya urembo. Hiyo ndiyo ya kwanza bila ubishi. Ya pili ni ya buluu: bega na urefu ni sawa, mikono imepungua sentimita 1.5. Akipapasa ndani ya pindo la mkono anakuta kitambaa cha sentimita 4 kimekunjwa. Fundi akishusha 1.5 anabakiza 2.5 za kukunja, zinatosha. Hatari ni mstari wa kunjo la zamani, ambao kwenye baadhi ya vitambaa hautoki hata kwa pasi.

Ya tatu ni ya kahawia: bega zuri, mikono mizuri, lakini ina urefu wa 77 na kifungo kiko sentimita 3 chini ya kitovu. Muuzaji atasema inakatwa tu. Ikikatwa, mifuko itasogea karibu na pindo huku kifungo kikibaki chini vilevile. Mimi singeinunua, ila kama zile mbili hazipo na anaihitaji wiki hii.

Ya mwisho ni nyeusi. Kila kitu kiko mahali pake, hata bei ndiyo ya chini kuliko zote, lakini kila bega limezidi kwa sentimita 1.5 na kile kibonyeo kinaonekana pande zote mbili. Hiyo airudishe kwenye hanga, kisha aulize kama ipo saizi moja chini yake, hata kama mikono ya hiyo itakuwa mifupi kidogo.