Eafoni zangu za Kariakoo: kwa nini upande wa kushoto ulisikika chini

Nilizinunua mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa shilingi 48,000, zile zisizo na waya zenye kikasha cha kuchajia. Jina la kampuni sitalitaja, maana muundo huu unauzwa kwa majina tofauti na nilichokigundua kinaweza kumsaidia mtu mwenye eafoni za aina yoyote. Sasa zina miezi minne, na kati ya hiyo, wiki tatu nzima niliishi na tatizo moja: upande wa kushoto ulisikika chini kuliko wa kulia, kwa tofauti ambayo hata mtoto angeitambua.

Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Ndiyo sababu jambo hili lilinitesa, na ndiyo sababu pia nilichelewa kulielewa. Rekodi ninazoletewa mara nyingi zina maikrofoni mbili, ya muulizaji upande wa kulia na ya mhojiwa upande wa kushoto. Siku za mwanzo nilidhani nimepata wahojiwa wenye sauti ya chini. Nilipomsikiliza wa tatu akinong'ona vilevile, nikaanza kuwa na shaka na masikio yangu mwenyewe.

Kwa hiyo nilianzia hapo, kwenye sikio. Nilivua vipande vyote viwili, nikashika cha kushoto kwa vidole na kukielekeza kwenye sikio la kulia, kisha cha kulia nikakipeleka kushoto. Havikai vizuri vikigeuzwa, ila ukivishikilia unasikia ya kutosha. Sauti ndogo ilihama pamoja na kipande. Ingebaki kwenye sikio lilelile, shida ingekuwa yangu na si ya eafoni, na hapo ni kwenda kwa daktari. Sikio moja likipoteza usikivu kwa ghafla, mtu aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu baadhi ya matatizo hayo yanatibika yakiwahiwa tu.

Mipangilio ya simu sikuitilia maanani mpaka mdogo wangu aliponiuliza, "Dada, umeangalia balansi?" Kwenye simu yangu ya Android niliingia Settings, kisha Accessibility, nikakuta "Mono audio" na chini yake mstari wa "Audio balance". Kwenye simu yake ya iPhone viko Settings, Accessibility, halafu Audio & Visual. Ule mstari wa balansi ukisogezwa kidogo tu na kidole, upande mmoja unashuka na hakuna ujumbe wowote unaokuonya. Wangu ulikuwa katikati kabisa.

Mono nayo ilinifundisha jambo. Ukiiwasha, simu inachanganya pande mbili za rekodi na kupeleka sauti ileile kwenye masikio yote mawili. Tofauti ikitoweka, ujue ilikuwa ndani ya rekodi. Niliiwasha, mhojiwa na muulizaji wakasikika pande zote, lakini kushoto kukabaki chini. Rekodi ikawa haina hatia. Mono haifuti balansi iliyosogea, kwa hiyo vyote viwili lazima viangaliwe. Mwisho niliunganisha eafoni na simu ya mdogo wangu, na tofauti ikawa ileile. Hapo simu yangu nayo nikaiondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Kilichobaki ni nta ya masikio, na kusema kweli nilikuwa na uhakika kwamba ndiyo. Nilitoa vimpira vya silikoni na kumulika vile vinyavu kwa tochi ya simu. Cha kulia kilionyesha vitundu vyake vyote. Cha kushoto kilikuwa na utando wa njano uliofunika karibu nusu.

Kabla ya kusafisha nilitaka kipimo, ili baadaye nisidanganywe na hamu ya kuona kazi yangu imefaulu. Nilipakua kwenye simu yangu programu ya kutoa mlio wa masafa ninayochagua, na kwenye simu ya mdogo wangu programu ya kupima desibeli. Kila kipande nilikibana kwenye tundu la maikrofoni ya simu yake na kukizungushia udongo wa kuchezea watoto ili hewa isivuje. Hewa ikivuja, besi inapotea na kipimo hakina maana. Kila mlio nilipima mara tatu, nikachukua namba ya katikati. Namba zenyewe si sahihi kama za maabara, lakini nilichohitaji ni tofauti kati ya kulia na kushoto tu.

Kwenye mlio mnene wa hezi 100, kushoto kulikuwa chini kwa desibeli 6. Kwenye hezi 1,000, chini kwa 7. Kwenye mlio mwembamba wa hezi 5,000, chini kwa 13.

Ile 13 ndiyo alama ya nta. Wavu ulioziba nusu unafanya kama kitambaa kizito mlangoni: ngurumo inapita, mlio mwembamba unabaki nje. Ndiyo maana eafoni yenye nta huanza kwa kusikika kama mtu anayeongea akiwa chini ya blanketi, herufi za "s" na "sh" zikififia, kabla haijawa ndogo kwa jumla. Lakini nta peke yake haikueleza kwa nini besi nayo imepungua kwa 6.

Nilisafisha taratibu. Kipande nilikielekeza chini, wavu ukitazama sakafu, nikausugua kwa mswaki mkavu laini ili kinachotoka kianguke badala ya kuingia ndani. Nta iliyogandamana niliilainisha kwa pamba ya kijiti iliyoguswa tu na spiriti, nikasubiri ikauke, nikasugua tena. Sikutumia sindano wala pini. Wavu huo ni mwepesi sana, na nyuma yake mara nyingi ndipo ulipo utando wa spika. Ukitoboa, umemaliza kila kitu. Kupuliza kwa mdomo pia sikushauri, kwa sababu unasukuma uchafu na unyevu wa pumzi ndani.

Nikapima tena. Hezi 100, chini kwa 6. Hezi 1,000, chini kwa 6. Hezi 5,000, chini kwa 6.

Nilikaa na kuitazama karatasi ile kwa muda. Nta ilikuwepo kweli na ilikuwa imeondoka, sauti nyembamba zilikuwa zimerudi, na bado kushoto kulikuwa chini kwa kiasi kilekile kwenye kila mlio. Mtu asiyepima angesema usafishaji haukusaidia, na angeendelea kuuchokonoa wavu mpaka autoboe.

Kesho yake nilimpelekea fundi mmoja wa simu. Aliweka sikioni kwa sekunde tano akaniambia spika imechoka, ninunue nyingine. Sikuridhika, kwa sababu spika inayokufa kwa kawaida ina dalili zake. Koili ikikwaruza sumaku, au chembe za chuma zikinaswa na sumaku na kugusa utando, utasikia mkwaruzo au mtetemo kwenye milio minene. Utando ukipasuka, besi inaanguka kuliko milio mingine. Nilicheza mlio unaopanda polepole kutoka hezi 40 hadi 1,000, nikaongeza sauti mpaka kushoto kukalingana na kulia kulivyokuwa mwanzo. Hakukuwa na mkwaruzo wowote. Sauti ilikuwa safi, ila ndogo. Spika dhaifu inaweza kushuka kwa usawa pia, lakini ni nadra, na kushuka kisafi namna hii kulinipa wazo kwamba huenda kipande cha kushoto kinatii amri ya sauti tofauti na mwenzake.

Eafoni za namna hii kila kipande kina kompyuta yake ndogo, na katika baadhi ya miundo kila kimoja kinakumbuka kiwango chake cha sauti. Kama kimoja kiko ngazi mbili nyuma, njia ya kukifumania ni kupandisha sauti hadi mwisho. Kilicho mbele kitagonga dari na kusimama, cha nyuma kitaendelea kupanda mpaka kimfikie mwenzake. Spika mbovu haiwezi kufanya hivyo; pengo lake litabaki hata juu kabisa. Jaribio hili lifanyike vipande vikiwa nje ya masikio, vimebanwa kwenye maikrofoni, maana sauti ya mwisho inaumiza.

Kwenye sauti ya mwisho, tofauti ya kulia na kushoto ilikuwa desibeli 1. Nikaishusha hadi nusu, bado 1. Nikaviweka kwenye kikasha, nikavitoa, ikarudi 6.

Basi spika ilikuwa nzima. Nilifuta eafoni kwenye orodha ya Bluetuthi ya simu, nikarudisha vipande kwenye kikasha kikiwa wazi, na kubonyeza pande zote mbili kwa sekunde 10 mpaka taa zikawaka mara tatu, kama karatasi yake ya maelezo inavyosema. Nikaunganisha upya. Tofauti ikawa kati ya 0 na 1 kwenye milio yote mitatu, na mhojiwa wangu wa tatu, yule wa kunong'ona, akawa anaongea kama watu wengine.

Nikataka kujua ilianzaje. Usiku huwa natumia kipande cha kushoto peke yake, cha kulia kikiwa kwenye kikasha, ili nimsikie mtoto akilia. Huwa napunguza sauti kwa kukigusa. Nikarudia hivyo kwa makusudi: kushoto peke yake, nikakigusa mara mbili kupunguza, nikakirudisha, asubuhi nikavaa vyote viwili. Pengo likarudi, desibeli 6. Nilirudia siku tatu mfululizo, likaja mara zote tatu. Kumbe cha kulia kikilala hakipewi habari, na kikiamka hakiulizi.

Huo ni upungufu wa mtengenezaji, na ndio unaonizuia kuzipa eafoni hizi alama zote. Vinginevyo nimeridhika nazo: chaji inanitosha siku nzima ya kazi, hazidondoki nikiwa kwenye daladala, na sauti za watu zinasikika wazi. Ninazipa nyota tatu na nusu. Sasa usiku napunguza sauti kwenye simu badala ya kugusa kipande, na kwa wiki tano pengo halijarudi. Kila Jumapili navua vimpira na kupitisha mswaki mkavu. Namba za 6, 7 na 13 bado zimebandikwa ukutani juu ya meza yangu, na mwezi ukiisha napima upya.